Ngazi ya rezista isiyo na mwisho, na mkia wake usiosikika

Maltimita iliandika 1.666, ilhali mimi nilikuwa nimewaahidi wanafunzi 1.618. Mezani palikuwa na ubao wa matundu ambao usiku uliotangulia nilikuwa nimeulehemu rezista kumi na mbili za kilo-omu moja, zote zikiwa na pete za kahawia, nyeusi, nyekundu na dhahabu, zimepangwa kama ngazi iliyolazwa ubavu. Darasa zima lilikuwa limekwishapata jibu kwa hesabu, kazi ya mistari minne tu, na lilikuwa likisubiri kuona kama shaba na kaboni zitakubaliana na kalamu. Tofauti ya omu 48 si kubwa, lakini kwa swali hili tofauti hiyo ina maana yake, na maana niliyoipa mbele ya wanafunzi ilikuwa ya makosa. Nitaanza na swali lenyewe, kisha nitarudi kwenye ubao.

Chukua nyaya mbili zinazokwenda sambamba, moja juu na moja chini. Kwenye waya wa juu weka rezista ya mlalo, na mwisho wake, mahali nitakapopaita fundo, shusha rezista ya wima hadi waya wa chini. Hiyo ni pingili moja, nami naiita hivyo kwa makusudi kwa sababu mpangilio huu unafanana na muwa: pingili, fundo, pingili, fundo. Kuanzia fundo la kwanza weka pingili nyingine iliyo sawa kabisa na ile ya mwanzo, kisha nyingine, na uendelee bila kukoma. Rezista zote zina ukinzani uleule, R. Swali ni hili: ukiweka ncha mbili za mita kwenye mwanzo wa ngazi, utasoma ukinzani gani?

Nilikutana nalo nikiwa Kidato cha Tano, na nililishambulia kwa njia ambayo karibu kila mtu huanza nayo, yaani kutafuta mwisho wa ngazi ili niunganishe rezista mbili za mwisho, kisha nirudi nyuma hatua kwa hatua. Bahati mbaya ngazi hii haina mwisho wa kuanzia. Mwalimu wetu aliniacha nihangaike kama robo saa hivi, kisha akaja na kipande cha karatasi, akafunika pingili ya kwanza kwenye mchoro wangu, akaniuliza kilichobaki ni nini. Nilitazama nikaona kwamba kilichobaki ni mchoro uleule. Ukikata pingili moja kwenye muwa wa kawaida, muwa unafupika. Ukikata pingili moja kwenye muwa usio na mwisho, unaobaki mkononi ni muwa uleule, mrefu vilevile.

Kwa hiyo tuuite ukinzani wa ngazi nzima X. Ukisimama kwenye fundo la kwanza na kutazama mbele, kila kilicho mbele yako ni ngazi kamili, na ukinzani wake ni X pia. Ngazi hiyo imeunganishwa sambamba na rezista ya wima ya pingili ya kwanza, na jumla ya hivyo viwili imefuatana na rezista ya mlalo. Tukipima kila kitu kwa kipimo cha R, yaani tukiandika x badala ya X/R, tunapata mlinganyo huu:

```
x = 1 + x/(1 + x)
x(1 + x) = 1 + 2x
x² − x − 1 = 0
x = (1 + √5)/2 = 1.618...
```

Kosa ambalo nimeliona mara nyingi zaidi katika madaftari ya wanafunzi hutokea kwenye mstari wa kwanza. Mwanafunzi anafunika rezista ya mlalo peke yake, anaiacha ile ya wima upande wa kilichobaki, kisha anakiita kilichobaki x. Anaandika x = 1 + x, na mlinganyo unamwambia kwamba 0 ni sawa na 1. Kinachopaswa kukatwa ni pingili kamili, kwa sababu kipande kinachoanza na rezista ya wima si ngazi ileile tuliyoanza nayo. Ukinzani wa kipande hicho ni 0.618, na ukiuongezea 1 ya rezista ya mlalo unarudi kwenye 1.618.

Mlinganyo una jibu la pili, −0.618, ambalo vitabu hulitupa kwa maneno machache kwamba ukinzani hauwezi kuwa hasi. Hoja hiyo inatosha, lakini mimi naona jibu hilo halistahili kutupwa kabla ya kuulizwa limetoka wapi. Mlinganyo wetu haukuuliza ngazi ina ukinzani gani. Uliuliza ni namba gani isiyobadilika inapoongezewa pingili moja mbele yake, na namba za namna hiyo ziko mbili. Hayo ni maswali mawili tofauti, na katika ngazi ya rezista yanapata jibu moja kwa sababu ambayo inabidi ionyeshwe. Mimi nilipitisha miaka mingi bila kuionyesha, wala kuona kwamba inahitajika.

Njia ya kuionyesha ni kurudi kwenye ngazi zenye mwisho na kuzitazama zinavyorefuka. Ngazi ya pingili moja ni rezista mbili zilizofuatana, basi x ni 2. Ukiongeza pingili moja mwanzoni, unaichukua hiyo 2 na kuiweka katika mlinganyo: 1 + 2/3, yaani 5/3. Pingili tatu zinatoa 13/8, nne 34/21, tano 89/55. Msomaji aliyewahi kukutana na namba za Leonardo wa Pisa, mtu ambaye wengi humjua kwa jina la Fibonacci, atakuwa amezitambua: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89, kila moja ikiwa ni jumla ya mbili zilizoitangulia.

Kwa nini namba hizo ziingie katika saketi? Jibu linaonekana wazi ukiitembea ngazi kutoka mkiani. Chukua ngazi ya pingili tano yenye rezista za omu moja, na useme fundo la mwisho lina volti 1. Rezista yake ya wima inapitisha ampea 1, na ampea hiyo haina njia nyingine ya kufika pale isipokuwa kupitia rezista ya mlalo iliyo nyuma yake, ambayo inadondosha volti 1. Basi fundo linalotangulia lina volti 2. Rezista ya wima ya fundo hilo inapitisha ampea 2, ukijumlisha na ile 1 ya mkiani unapata ampea 3 katika rezista ya mlalo inayofuata nyuma, na fundo la kabla yake lina volti 2 na 3, yaani 5. Kila ukipanda waya wa juu unajumlisha volti, kila ukifika kwenye fundo unajumlisha ampea, na kila jumla ni ya namba mbili za mwisho ulizozipata. Unafika mwanzoni ukiwa na volti 89 na ampea 55. Sheria ya Omu inafanya mengine yote.

Sasa tuufunge mkia kwa waya mtupu badala ya kuuacha wazi, yaani kila ngazi ifupishwe kwenye fundo lake la mwisho. Pingili moja inatoa 1, mbili zinatoa 3/2, tatu 8/5, nne 21/13, tano 55/34. Hizi nazo zinakwenda kwenye namba ileile, lakini zinapanda kutoka chini, wakati zile za mkia ulio wazi zinashuka kutoka juu. Kitu chochote utakachokifunga mkiani, kiwe rezista ya omu kumi au ngazi nyingine ya pingili milioni, kitakuwa na ukinzani ulio kati ya sifuri na ule wa sehemu iliyo wazi, na kwa hiyo kitakachosomwa mwanzoni kitabanwa katikati ya namba hizo mbili. Kwa pingili tano mbano huo ni kati ya 55/34 na 89/55, yaani 1.6176 na 1.6182. Katika ngazi ya rezista za kilo-omu moja tofauti yake ni kama nusu ya omu, na mita yangu ikiwa kwenye masafa ya kilo-omu mbili haiwezi kuiona nusu ya omu. Kwa mita hiyo, rezista kumi ni ngazi isiyo na mwisho.

Hapo ndipo mlinganyo unapopata haki yake. Namba ya kujirudia inakuwa jibu la ngazi kwa sababu mwanzo wa ngazi hausikii kilicho mkiani. Kila pingili inayoongezwa mwanzoni inapunguza kosa lililotoka mkiani, na ukipiga hesabu karibu na 1.618 unakuta kwamba kosa linagawanywa kwa 6.85 kila mara. Ukifanya hesabu hiyohiyo karibu na lile jibu la pili, −0.618, unakuta kosa linazidishwa kwa 6.85. Ungeweza kulitimiza kwa kufunga mkiani kifaa chenye ukinzani hasi wa thamani hiyo kamili, lakini ukikosea hata kwa sehemu ndogo sana, kosa litakua pingili kwa pingili mpaka usomaji uende kwenye 1.618 kama kawaida.

Turudi kwenye ubao wangu. Nilipoiona 1.666 nilifurahi kidogo, lazima nikiri, kwa sababu 5/3 ni 1.6667 na nilidhani nimeshika dosari palepale. Ngazi inayosoma 5/3 ni ngazi yenye pingili mbili tu. Basi, nikawaambia wanafunzi kwa uhakika wa mtu aliyefundisha somo hilo mara nyingi, rezista ya mlalo ya pingili ya tatu haijashika, lehemu yake ni baridi, na kila kilicho mbele yake kimekatika. Nikawasha chuma cha kulehemu, nikangoja kipate moto, nikayeyusha lehemu ya pande zote mbili za rezista hiyo, nikaweka mpya. Mita ikaandika 1.666.

Binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza, kwa upole ambao sikuustahili, "Mwalimu, kwani ile ya kwanza umeipima?"

Sikuwa nimeipima. Nilikuwa nimezitoa zote kwenye mkanda mmoja na kuamini pete zake. Rezista ya mlalo ya kwanza ndiyo pekee katika ngazi hii inayoweza kupimwa bila kutolewa kwenye ubao, kwa kuwa ncha yake ya mwanzo haijaunganishwa na kitu kingine chochote, na kwa hiyo mkondo wa mita hauna njia ya kuzunguka. Ukijaribu kuipima ile ya pili mahali ilipo, mkondo utagawanyika na kupita pia kwenye rezista za wima, na utasoma ukinzani mdogo kuliko ulio halisi. Tuliipima ile ya kwanza tukapata 1.048. Pete ya dhahabu inaruhusu kasoro ya asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo rezista ilikuwa ndani ya ahadi yake. Ongeza omu 48 kwenye 1,618 unapata 1,666.

Kwamba rezista moja kati ya kumi na mbili inaweza kuhamisha jibu kwa kiasi chake chote ni jambo linalofaa kutazamwa kwa karibu. Weka ampea 1 mwanzoni mwa ngazi. Yote inapita kwenye rezista ya mlalo ya kwanza. Kwenye fundo la kwanza inagawanyika: 0.618 inashuka kwenye rezista ya wima na 0.382 inaendelea mbele, na mgawanyo huo unajirudia kwenye kila fundo. Joto linalotoka katika kila rezista linakwenda kwa mraba wa mkondo wake, na ukinzani unaosomwa mwanzoni ni jumla ya miraba hiyo. Ya kwanza inachangia 1, ya wima inayoifuata 0.382, ya mlalo ya pili 0.146, ya wima ya pili 0.056, ya mlalo ya tatu 0.021, na kuendelea, kila moja ikiwa ni 0.382 ya iliyotangulia. Jumlisha zote unapata 1.618 tena. Rezista ya kwanza peke yake imebeba karibu asilimia 62 ya jibu, na ile niliyokuwa nikiichoma kwa chuma cha moto ilibeba kiasi kinachozidi asilimia 1 kidogo tu. Kasoro ya asilimia 5 katika ya kwanza inaleta mabadiliko ya omu 50 na kasoro hiyohiyo katika ya tatu inaleta omu 1. Kwa bahati mbaya, omu 48 ndizo hasa zinazotenganisha ngazi nzima na ngazi iliyokatika baada ya pingili mbili.

Kuna njia ya kuzitenganisha dosari hizi mbili bila kuchoma chochote, nami ningeikumbuka kabla ya kuwasha chuma kama ningekuwa peke yangu bila macho arobaini yakinitazama. Acha mita mwanzoni, chukua kipande cha waya, na ulifupishe fundo la tatu kwenye waya wa chini. Ikiwa rezista ya mlalo ya tatu imekatika, fundo hilo halina uhusiano wowote na mwanzo, na mita haitatikisika. Ikiwa imeshika, ngazi inageuka kuwa ya pingili tatu zenye mkia uliofungwa, yaani 8/5, na usomaji unashuka kutoka 1.618 hadi 1.600. Katika ubao wangu ulishuka kutoka 1.666 hadi 1.648, omu 18 zilezile. Ukifika kwenye fundo la tano mshuko unakuwa chini ya nusu ya omu, nayo mita haionyeshi kitu, uwe umeunganishwa au haukuunganishwa. Kukatika kokote baada ya pingili ya nne hakuwezi kuonekana kutoka mwanzoni kwa kifaa cha namna hii, na hilo si udhaifu wa mita peke yake. Kutosikika kwa mkia, kulikotuhalalishia mlinganyo, ndiko kunakoificha dosari iliyo mbali.

Kuona dosari ya mbali kunahitaji volti. Weka volti 5 mwanzoni na utembeze mita juu ya mafundo. Fundo la kwanza linapaswa kuwa na 1.91, la pili 0.73, la tatu 0.28, la nne 0.11, kila moja likiwa na asilimia 38 ya lililotangulia. Mfuatano huo ukivunjika, dosari iko hapo au jirani yake. Katika ngazi fupi mafundo mawili ya mwisho hukaa juu kidogo ya mfuatano, kwa sababu mkia ulio wazi hauvuti mkondo, na hilo lisikushtue.

Mtu anaweza kuudhika kwamba nimetumia maneno mengi kwa ngazi ambayo hakuna fundi aliyewahi kuitwa aitengeneze. Lakini ngazi yenye rezista ndogo za mlalo na kubwa za wima iko kila mahali waya mrefu unapopita penye unyevu: shaba yenyewe ndiyo rezista ya mlalo, na uvujaji kupitia kihami ndio rezista ya wima. Waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar mwaka 1879 ulikuwa na mambo hayo mawili katika kila maili yake. Ulikuwa pia na tabia ya kapasita, lakini kwa mkondo wa moja kwa moja uliokwishatulia tabia hiyo haiingii katika hesabu. Tuchukue namba rahisi: kila kipande cha waya kina omu 1 ya shaba na omu 10,000 za uvujaji. Funika kipande cha kwanza, andika mlinganyo, na kwa r ya mlalo na R ya wima utapata:

```
X = (r + √(r² + 4rR))/2
```

Kwa namba zetu X ni omu 100.5, ambayo iko karibu sana na kipeuo cha pili cha r mara R. Mlinganyo haukutoa jasho zaidi ya mwanzo. Kilichobadilika ni umbali wa usikivu. Hapa volti inapungua kwa asilimia 1 tu kwenye kila kipande, na kosa la mkiani linapungua kwa takriban asilimia 2. Pingili tano ambazo zilitosha kuwa ngazi isiyo na mwisho kwenye ubao wangu hazitoshi kitu kwenye waya huu: kwa mkia ulio wazi utasoma omu elfu mbili hivi, na kwa mkia uliofungwa utasoma omu 5. Zinahitajika mia kadhaa kabla namba ya omu 100.5 haijaanza kuwa kweli. Anayeutumia mlinganyo bila kuuliza mkia unasikika mpaka wapi atapata jibu zuri la waya ambao hana.

Basi inawezekana mkia usikike daima? Inawezekana, na mfano wake ndio ulionifanya niache kufundisha swali hili kama ujanja wa mistari minne. Weka koili mahali pa rezista ya mlalo na kapasita mahali pa rezista ya wima, kisha uilishe ngazi mkondo geu wa masafa yale ambayo koili inazuia kwa kiasi cha omu 1 na kapasita nayo kwa omu 1. Koili na kapasita hazili nishati. Zinaihifadhi na kuirudisha. Katika hesabu tunaziandika kwa namba changamano, ambamo j ni kipeuo cha pili cha −1: j kwa koili na −j kwa kapasita. Funika pingili ya kwanza kama ulivyozoea:

```
x² − jx − 1 = 0
x = (√3 + j)/2
```

Jibu lina sehemu ya kawaida, 0.866, ambayo maana yake ni kwamba ngazi inakula nishati kama rezista ya omu 0.866. Vifaa visivyokula nishati hata kidogo vimejumlishwa vikapata mlo. Nilipokutana na jambo hili kwa mara ya kwanza nilikagua hesabu mara tatu nikitafuta alama iliyogeuka, na haikuwapo.

Fanya kama tulivyofanya mwanzo, ujenge ngazi kutoka pingili moja. Pingili moja yenye mkia wazi ni koili na kapasita zilizofuatana, j na −j, jumla yake sifuri: mwanzo wa ngazi ni kama umefupishwa kwa waya. Pingili mbili: kapasita ya kwanza imefungwa sambamba na sifuri, haina kazi, inabaki koili peke yake, j. Pingili tatu: koili ya j sambamba na kapasita ya −j haziruhusu mkondo wowote kupita, kwa hiyo mwanzo wa ngazi ni kama umeachwa wazi kabisa. Pingili nne: mbele ya kapasita ya kwanza ni wazi, basi tumerudi kwenye koili na kapasita zilizofuatana, sifuri. Ya tano j, ya sita wazi, ya saba sifuri. Ongeza pingili milioni moja na mfuatano utaendelea kuzunguka, sifuri, j, wazi, bila kuikaribia 0.866 hata mara moja. Kosa halipungui wala halikui, linazungushwa tu. Mlinganyo ulijibu swali lake la namba isiyobadilika, lakini ngazi haina jibu la kutoa.

Hata hivyo koili ya kweli ni waya wa shaba, na shaba ina ukinzani. Ipe kila koili omu 0.1. Mlinganyo sasa unatoa 0.92 na 0.47j, si mbali na jibu la mwanzo, na safari hii ngazi inaufuata: kila pingili inapunguza kosa kwa takriban asilimia 11, na kufikia pingili ya 40 kinachobaki ni kama sehemu moja ya mia. Ukipunguza ukinzani wa shaba, jibu linasogea kuelekea 0.866 na 0.5j, lakini pingili zinazohitajika ili lionekane zinaongezeka bila kikomo. Nishati iliyoonekana kupotea inasafiri mbele ikitafuta mwisho wa ngazi. Ngazi ikiwa fupi inafika, inagonga, inarudi, na mita ya mwanzoni inaisikia. Ngazi ikiwa ndefu ya kutosha, inapotea njiani ndani ya shaba kabla ya kurudi, na anayepima mwanzoni anaona mlo ulioliwa bila kuona mlaji.

Yule binti aliyeniuliza kuhusu rezista ya kwanza alitaka kujua, siku nilipowaonyesha hesabu hiyo, kama mwaka ujao nitaleta ubao wa koili 40. Nilimwambia kwamba koili nitazisuka mwenyewe, na kwamba kila moja tutaipima kabla ya kuilehemu.